Mafuta ni ya Nani? Historia Fupi ya Tangazo la Kazi ya Pikipiki

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu ni kazi. Kuna kampuni ndogo hapa Nairobi, ambayo sitaitaja, inayotaka kuajiri watu 40 wa kupeleka vyakula na vifurushi kwa pikipiki. Waliniomba niwatengenezee fomu ya kujiandikisha, na kwa kuwa fomu inahitaji maneno juu yake, wakaniambia niandike na tangazo lenyewe. Nikaandika kama mtu yeyote angeandika: pata hadi shilingi 2,500 kwa siku, fanya kazi kwa saa unazotaka, leta kitambulisho, leseni, cheti cha tabia njema na namba ya PIN ya KRA, uwe na pikipiki na simu ya kisasa.

Binamu yangu, ambaye ameendesha pikipiki mjini kwa miaka sita, alikuwa kwangu jioni hiyo. Akasoma kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mafuta ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya mwendeshaji, si pikipiki ni yake? Akacheka. "Basi hujaandika mshahara hapa, msomi. Umeandika bei ya kabla ya kutoa mafuta."

Swali hilo lilinikalia kichwani. Nilianza kuuliza wazee wa kazi hii na kufuatilia jinsi matangazo ya namna hii yalivyobadilika katika mji wetu, na ninayoyaandika leo ndiyo niliyoyapata. Historia hii yote inaweza kusomwa kwa kufuata mstari mmoja tu wa tangazo, ule wa mafuta na pikipiki.

Tuanze zamani kidogo. Kabla ya mwaka 2008 pikipiki haikuwa chombo cha kila mtu Kenya. Ilikuwa ya posta, ya afisa wa kilimo, ya padri, ya mpeleka barua wa ofisi. Kampuni ya kuria iliyotaka mtu wa pikipiki ilikuwa ikiajiri mjumbe. Tangazo, likiwa gazetini au kwenye ubao wa ofisi, lilitaja mshahara wa mwezi, leseni, na barua ya mtu anayekujua. Pikipiki ilikuwa ya kampuni, na logibuku ilikaa kwenye kabati la kampuni. Mafuta yalitolewa kwa kuponi au kwa kituo kimoja ambacho kampuni ilikuwa na akaunti nacho. Mjumbe akirudi jioni aliandika kilomita kwenye kitabu.

Si kwamba mambo yalikuwa matamu. Mshahara ulikuwa mdogo, na kila mtu aliyewahi kusimamia pikipiki za ofisi atakusimulia habari za mafuta kunyonywa kwa mpira. Pikipiki inayopaswa kwenda kilomita 40 kwa lita moja inaonekana kwenda 25, na hapo meneja anajua kuna kibuyu mahali fulani. Lakini tazama hasara hiyo inamwangukia nani. Petroli ikipanda, kampuni ndiyo inayolia. Pikipiki ikikaa gereji siku tatu, mjumbe anakunywa chai na mshahara unaendelea. Kampuni ilikuwa na sababu ya kupanga safari vizuri, kwa maana kila kilomita ya bure ilitoka mfukoni mwake.

Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250. Nilikuwa darasa la tano wakati huo na sikujua lolote kuhusu ushuru, ila nilijua kwamba mjomba aliyekuwa akiendesha baiskeli ya abiria sasa ana pikipiki ya Kihindi. Neno boda boda lenyewe ni la baiskeli. Lilizaliwa mpakani Busia miaka ya 1960, watu wakibebwa kuvuka eneo lililo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, kutoka mpaka hadi mpaka. Baada ya 2008 baiskeli zilianza kuondoka barabarani, na kufikia 2010 pikipiki zilizosajiliwa kwa mwaka mmoja zilikuwa zimepita 100,000.

Hapo ndipo mkataba wa aina ya pili ulipoingia, na huu haukuandikwa gazetini. Mwalimu, nesi au polisi ananunua pikipiki, anatafuta kijana, wanakubaliana hesabu ya siku. Kijana analeta, tuseme, shilingi 300 kila jioni, na kinachobaki ni chake. Mafuta ni ya kijana. Spea kubwa ni za mwenye pikipiki, ndogo ni za kijana, na wapi ndogo inaishia na kubwa inaanzia ni jambo lililovunja urafiki mwingi. Hati iliyohitajika ilikuwa moja: kujulikana. Mwenye pikipiki alitaka kujua mama yako anaishi wapi.

Jambo la kukumbuka kuhusu mkataba huu ni kwamba kijana alikuwa akipanga bei mwenyewe. Petroli ikipanda Jumatatu, Jumanne abiria anaambiwa nauli ni 70 badala ya 50. Walibishana, lakini mlango wa kupitisha gharama kwa mteja ulikuwa wazi. Na tangu Machi 2007 kulikuwa na M-Pesa, kwa hiyo hesabu ya jioni iliweza kumfikia mwenye pikipiki aliyekuwa Kisumu huku pikipiki iko Kayole. Kwa mtazamo wangu wa kiprogramu, hapo tayari kulikuwa na jukwaa la kazi, isipokuwa halikuwa na programu ya simu.

Programu za simu zilikuja katikati ya miaka ya 2010. Sendy ilianzia hapa hapa Nairobi na vifurushi, na chakula kikaja na majina mnayoyajua: Jumia Food, Uber Eats mwaka 2018, Glovo mwaka 2019. Kisha Machi 2020 mikahawa ikaambiwa iuze chakula cha kubeba tu kwa sababu ya korona, na mtu ambaye hakuwahi kuagiza chapati kwa simu akajifunza kwa lazima. Matangazo ya kazi yakawa kila mahali, na sasa yalikuwa na sura mpya. Neno mfanyakazi lilitoweka, likaja mshirika. Mshahara ulitoweka, ikaja hadi. Pikipiki iwe yako, na mafuta hayatajwi kabisa.

Ni rahisi kusema hizo kampuni zilificha makusudi. Mimi, ambaye nimeandika tangazo kama hilo bila nia mbaya, nadhani ni jambo la kawaida zaidi ya hilo. Anayeandika tangazo anatazama kile ambacho mfumo wake unakihesabu. Mfumo unahesabu malipo ya kila safari, na hauna safu ya mafuta katika hifadhidata yake, kwa kuwa kampuni hailipi mafuta. Kisicho na safu hakiingii kwenye tangazo.

Fomula niliyopewa na mteja wangu ni hii, na nyingi nilizoziona zinafanana nayo:

```
malipo = 70 + 15 * km(mkahawa, mteja)
```

Shilingi 70 za kuanzia, na 15 kwa kila kilomita kutoka mkahawani hadi kwa mteja. Inaonekana ya haki. Sasa tuchukue siku moja ya binamu yangu tukiiweka katika fomula hii. Yeye mwenyewe alinisaidia kuipanga, kwa hiyo namba za gharama ni zake.

Safari 14. Kila moja ina kilomita 4 kati ya mkahawa na mteja, kwa hiyo kila moja inalipa 70 na 60, jumla 130. Mara 14 ni shilingi 1,820. Hiyo ndiyo namba itakayoonekana kwenye simu yake jioni, kwa herufi kubwa za kijani.

Lakini kabla ya mkahawa kuna kilomita 2 za kwenda kuchukua, na baada ya mteja kuna kilomita 2 za kurudi mahali penye maagizo, maana huwezi kukaa Kitisuru ukingoja. Kila safari kwa kweli ni kilomita 8. Mara 14 ni 112, na ukiongeza 16 za kutoka nyumbani asubuhi na kurudi usiku unapata 128. Fomula imelipa kilomita 56. Zaidi ya nusu ya mwendo wake haumo.

Pikipiki yake ya cc 150 katika msongamano wa Nairobi inakwenda karibu kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo ametumia lita 3.2. Tukichukua shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, mafuta ni 576. Mkopo wa pikipiki ni 400 kwa siku. Anaweka 120 ya oili, breki, mnyororo na matairi, na aliniambia wasioweka hizo 120 ndio wanaodhani wanapata faida, mpaka tairi la nyuma liishe. Data ya simu 50. Bima, ukiigawanya kwa siku, 25. Kinachobaki ni shilingi 649 kwa saa 11 za kazi, yaani karibu 59 kwa saa.

Na hadi 2,500 ilitoka wapi? Ilikuwa siku ya mvua, ya mwisho wa mwezi, mtu akiwa amefikisha safari 20 na kupata bonasi. Siku hiyo ipo, ila si siku ya kuandikia tangazo.

Sasa turudi kwenye historia, kwa sababu hapa ndipo mstari wa mafuta unapouma. Bei ya petroli Kenya hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Mwezi Mei 2020, dunia ikiwa imefungwa, lita moja Nairobi ilishuka hadi shilingi 83.33. Huo ndio mwaka ambao vijana wengi waliingia katika kazi hii na kuchukua mikopo ya pikipiki. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba mwaka huo lita ilikuwa shilingi 217.36.

Weka bei hizo mbili katika siku ile ile ya lita 3.2. Kwa bei ya Mei 2020 mafuta ni shilingi 267. Kwa bei ya Oktoba 2023 ni 696. Ni shilingi 429 zaidi kwa siku, kwa safari zile zile, jua lile lile. Mjumbe wa zamani asingejua kwamba chochote kimetokea, kwani kuponi ni kuponi. Boda wa kijiweni angepandisha nauli. Mshirika wa programu hawezi kufanya lolote kati ya hayo, kwa kuwa mafuta ni yake na bei ni ya mfumo. Katika mikataba yote mitatu niliyoeleza, huu wa mwisho ndio pekee unaomwachia gharama bila kumwachia bei. Migomo ya waendeshaji kuzima simu iliyotokea miaka hiyo wengine waliita utundu. Mimi ukiniuliza, naona ndiyo iliyokuwa njia pekee iliyobaki ya kubishana nauli.

Niseme na kosa langu. Katika jaribio la kwanza la mfumo wa mteja niliandika `km()` kwa mstari ulionyooka kati ya nukta mbili za GPS, kwa sababu ni haraka na hailipiwi. Mteja aliye ng'ambo ya pili ya Thika Road alionekana yuko mita 600, na pikipiki haipai. Inabidi uende hadi njia ya kuvukia ndipo urudi. Sasa ninatumia umbali wa barabara. Ukitaka kujua kama mfumo unaokulipa unapima kwa mstari, chukua safari moja yenye mto au barabara kuu katikati, soma mita ya pikipiki, ulinganishe na kilomita ulizolipwa. Safari moja yenye kizuizi inatosha kukuonyesha.

Kuhusu hati, orodha imekuwa ndefu kadiri mwajiri alivyosogea mbali. Aliyemjua mama yako hakuhitaji cheti cha DCI. Mfumo haumjui mama yako. Katika orodha hiyo kuna mbili ambazo nimeona watu wakikosea.

Ya kwanza ni leseni. Wengi wanaonyesha daraja la A2, ambalo ni la kuendesha pikipiki tu. Kwa boda na kuria daraja ni A3, na umri wa chini ni miaka 21. Kijana wa miaka 19 anaweza kuwa na leseni halali mfukoni na bado asiruhusiwe kubeba pizza ya mtu kwa malipo. Fomu nyingi zinaomba picha ya leseni bila kuuliza daraja, na hata yangu ilikuwa hivyo.

Ya pili ni bima. Bima ya pikipiki ya matumizi ya kibinafsi ni ya kwenda kanisani na sokoni. Ukigonga mtu ukiwa na boksi la chakula mgongoni, kampuni ya bima inaweza kusema hukuwa kwenye matumizi uliyoyalipia. Fomu inaomba cheti cha bima na mashine inasoma tarehe tu, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kijani hadi siku ya ajali.

Na siku ya ajali neno mshirika linaonyesha uzito wake. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa. Mjumbe wa zamani akivunjika mguu akiwa na barua ya kampuni, kampuni ilikuwa na wajibu juu yake. Mshirika anatibiwa kwa mchango wa wenzake wa kijiweni. Hispania, nyumbani kwa Glovo, Mahakama ya Juu iliamua Septemba 2020 kwamba wapelekaji wa kampuni hiyo ni wafanyakazi, na sheria ikafuata mwaka 2021. Tangazo lile lile, kwa programu ile ile, lilikuwa na maana mbili kulingana na upande wa bahari uliosimama.

Kuna aina nyingine ya mstari wa pikipiki: huna pikipiki? Tutakusaidia kuipata. Hapa unaletewa mkopo. Unaweka amana, unalipa kila siku au kila juma, jina la mkopeshaji linakaa kwenye logibuku pamoja na lako, na chini ya kiti kunafichwa kifaa cha kufuatilia. Usipolipa siku kadhaa, watu wanakuja kuichukua mahali ilipo. Si wizi, ndiyo masharti. Lakini mkopo una miezi yake na kazi ina yake. Mwaka 2023 Sendy ilifungwa, na Desemba ya mwaka huo Jumia Food nayo ikafunga. Mwendeshaji aliyekuwa na miezi minane ya mkopo alibaki nayo yote minane.

Sasa kuna za umeme, ambapo unanunua pikipiki na betri inabaki ya kampuni, unaibadilisha kituoni ikiisha. Binamu yangu anazitamani kwa sababu hakuna oili. Mimi nilimwambia asome bei ya kubadilisha betri inapangwa na nani, na kama kituo kipo upande anaofanyia kazi. Ni swali lake lile lile, limevaa koti jipya.

Basi nikaandika tangazo upya. Namba kubwa ikawa wastani wa safari 14, shilingi 1,820 kabla ya gharama. Chini yake nikaweka kilomita 128, lita 3.2, na sentensi moja: mafuta ni yako. Nikaongeza daraja A3, bima ya kazi, na nikapendekeza kwa mteja kwamba 15 ya kila kilomita iwe inasogea kila tarehe 14 kulingana na bei ya EPRA. Kuiandika kwenye mfumo ni kazi ya mchana mmoja.

Mteja alikubali A3 na bima siku hiyo hiyo. Kuhusu kilomita na lita alisema zinatisha watu, tukabishana kwa simu karibu saa nzima, na mwishowe zikabaki lakini kwa herufi ndogo. Ile ya tarehe 14 bado inajadiliwa na mhasibu wao. Binamu yangu amesoma toleo la pili na kusema atajaza fomu jibu la mhasibu likitoka.